Barua ya kusindikiza mashairi: Mhariri anataka kujua nini?

Kiswahili bado hakijatulia kuhusu jina la waraka ninaotaka kuuzungumzia leo. Wapo wanaouita barua ya kuambatisha, wapo wanaouita barua ya utangulizi, na wanafunzi wangu wengi huuita tu barua ya maombi. Ni ile barua fupi ambayo mshairi huipeleka pamoja na tungo zake kwa mhariri wa jarida la fasihi. Mimi naegemea kuiita barua ya kusindikiza. Kumsindikiza mgeni ni kutoka naye nyumbani, kutembea naye hadi njia panda au hadi steji ya matatu, kisha kurudi. Msindikizaji haendi na mgeni safari yake, wala hamsemei huko aendako. Atahakikisha tu kwamba mgeni ameshika njia sahihi na kwamba mzigo wake umekamilika.

Suala la jina si la kulipuuza, maana jina ndilo linalomwelekeza mwandishi kalamu yake. Anayeamini kwamba anaandika barua ya maombi ataomba tu, tena kwa magoti. Ataeleza shida zake, ataapa kwamba anaweza, ataorodhesha sifa za tabia yake kama mtu anayetafuta kazi ya ukarani. Na kwa mshairi ambaye hajawahi kuchapishwa mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu hana majina ya vitabu wala ya majarida ya kujazia ukurasa. Basi hujaza maneno.

Mshairi wa Kiswahili ana sababu mbili za kukwama hapa, na zote mbili zinatokana na malezi yake ya lugha.

Sababu ya kwanza ni kwamba kwa muda mrefu hakuihitaji barua hii kabisa. Tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, hadi kurasa za mashairi katika magazeti yetu ya leo, barua ya kusindikiza ilikuwa ndani ya shairi lenyewe. Msomaji wa kurasa hizo anajua ninachosema. Katika ubeti wa kwanza malenga hubisha hodi, humsalimu mhariri, humwomba nafasi gazetini, na pengine kumweleza kwamba ametoka mbali. Katika ubeti wa mwisho husema kaditama au tamati, huaga, kisha hutaja jina lake au lakabu yake na mji anakotoka. Yaani salamu, ombi, sahihi na anwani, vyote vimefumwa kwa vina na mizani. Ulikuwa ni mtindo wenye mantiki, kwa sababu gazeti lilikuwa baraza, na mtu haingii barazani bila kupiga hodi. Fauka ya hayo, wasomaji wengine walikuwa washairi pia, na walihitaji kumjua aliyesema ili wapate kumjibu.

Jarida la fasihi si baraza la aina hiyo. Halitaki hodi ndani ya shairi, kwa kuwa shairi likishachapwa litasomwa na mtu asiyemjua mhariri wala kumjali. Kwa hivyo hodi hiyo imetolewa shairini na kuwekwa kwenye karatasi ya pembeni. Mshairi aliyelelewa na kurasa za gazeti anapoambiwa aandike karatasi hiyo, huhamisha ubeti wake wa kwanza mzima mzima na kuugeuza nathari: taadhima, unyenyekevu, sifa za mhariri, dua. Kilichokuwa kizuri ndani ya mizani huonekana kimevimba kikiwa nje yake.

Sababu ya pili ni shule. Sote tulifunzwa barua rasmi: anwani ya mwandishi kulia, anwani ya mwandikiwa kushoto, mtajo, kisha KUH au MINT kwa herufi kubwa na mstari chini yake, mwili wa aya tatu, na mwishowe "wako mwaminifu". Sina ugomvi na mafunzo hayo, hurahisisha usahihishaji. Lakini barua ile ilibuniwa kwa ajili ya karatasi na bahasha. Leo mashairi husafiri kwa baruapepe au kwa fomu ya kwenye tovuti. Mada imeshaandikwa juu katika mstari wake maalumu, anwani ya mwandikiwa anayo mwandikiwa mwenyewe, na tarehe huwekwa na mashine. Mhariri anayefungua ujumbe kwenye simu na kukutana na mistari kumi na miwili ya anwani kabla ya neno la kwanza la maana, atakuwa ameshachoka.

Nitatumia mfano halisi. Binti mmoja niliyemfundisha chuoni, mzaliwa wa Lamu, aliniletea rasimu ya barua aliyotaka kuipeleka kwa jarida fulani pamoja na mashairi manne. Ameniruhusu niitumie hapa bila jina lake, na majina ya mashairi nimeyabadilisha. Tukiacha anwani mbili na kichwa kilichosema "KUH: OMBI LA KUCHAPISHIWA MASHAIRI", mwili wa barua ulikuwa hivi:

"Kwa taadhima kuu na unyenyekevu mwingi, naomba kuchukua fursa hii adhimu kukuandikia. Mimi ni mshairi chipukizi mwenye kipaji nilichojaliwa na Mwenyezi Mungu tangu utotoni. Ingawa sijawahi kuchapisha popote, nina hamu kubwa ya kukuza lugha yetu tukufu ya Kiswahili. Walimu na marafiki zangu wameyasifu sana mashairi yangu. Shairi la kwanza linahusu kisima kilichokauka, na maana yake ni kwamba viongozi wetu wameiacha jamii na kiu ya haki. Mengine yanazungumzia maisha na mapenzi. Naomba unikosoe pale nilipokosea kwa kuwa bado ninajifunza. Natumai ombi langu litakubaliwa ili nami nifikie ndoto yangu. Natanguliza shukrani zangu za dhati."

Kisarufi, barua hii haina kosa. Sentensi zimekamilika, upatanisho wa ngeli uko sawa, na ningekuwa nasahihisha insha ningempa alama nzuri. Sasa hebu msomaji ikalie kiti cha mhariri uisome tena. Je, ametumiwa mashairi mangapi? Hajui. Yanaitwaje? Hajui. Yamewahi kuwekwa mahali popote ambapo umma umeyasoma? Anaambiwa tu kwamba mwandishi hajawahi kuchapisha, na hilo silo swali. Mashairi haya yako pia mezani pa mhariri mwingine wakati huu? Kimya. Sentensi tisa zimepita, na mambo yote anayoyahitaji ili kuanza kazi hayamo.

Na kazi yenyewe ni ipi? Jarida la fasihi aghalabu huwa na watu wachache, wengi wao wakifanya kwa kujitolea baada ya shughuli zao za mchana. Hufungua dirisha la kupokea kazi kwa majuma au miezi kadhaa, kisha hulifunga. Kwenye tovuti yao huweka mwongozo unaosema wanataka mashairi mangapi (mara nyingi matatu hadi matano), katika faili ya aina gani, na kama wanakubali kazi iliyopelekwa kwingine kwa wakati uleule. Mtu wa kwanza kuifungua barua yako huenda asiwe ndiye atakayeamua. Kazi yake ni kupanga: hii iko ndani ya mwongozo, hii iko nje, hii inaweza kuchapwa bila mgogoro wa haki, hii ina utata. Barua ya kusindikiza huandikwa kwa ajili ya mtu huyo na kwa ajili ya dakika hiyo. Uzuri wa mashairi utapimwa baadaye, na utapimwa kwa mashairi.

Kuna sentensi moja katika rasimu ile inayostahili kusimamishwa peke yake: "naomba unikosoe". Wengi huiandika kwa adabu tu, lakini ndiyo inayogeuza barua kuwa kitu kingine kabisa. Kuomba kuchapishwa na kuomba kukosolewa ni maombi mawili tofauti yanayopaswa kwenda kwa watu wawili tofauti.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika barua maarufu zaidi ninayoijua ya mshairi asiyefahamika kumwandikia mtu wa majarida. Iliandikwa mbali na kwetu, katika mji mdogo wa Amherst, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Mwezi Aprili 1862 jarida la Atlantic Monthly lilichapisha makala ya Thomas Wentworth Higginson iliyowashauri waandishi wachanga namna ya kupeleka kazi zao. Alisema mengi ya kawaida: wino mweusi, karatasi nyeupe, mwandiko safi, na mswada usiomlazimu mhariri kuurekebisha. Tarehe 15 mwezi huohuo mwanamke wa miaka 31, Emily Dickinson, alimwandikia. Alikuwa ametunga mashairi mengi, na ni machache mno yaliyokuwa yamefika gazetini, tena bila jina lake. Aliweka mashairi manne ndani ya bahasha. Barua yenyewe hakuitia sahihi. Jina lake aliliandika kwenye kadi ndogo na kuifunga kadi hiyo katika bahasha yake ya pekee, ndani ya ile kubwa.

Hakumwambia Higginson kwamba ana kipaji. Hakueleza maana ya shairi hata moja. Alichouliza, kwa ufupi, ni kama mashairi yake yako hai. Higginson alijibu kwa maswali na kwa ukosoaji ambao Dickinson, katika barua iliyofuata, aliulinganisha na upasuaji. Waliandikiana kwa miaka mingi baada ya hapo, lakini Higginson hakumhimiza achapishe. Diwani ya kwanza ya mashairi yale ilitoka mwaka 1890, miaka minne baada ya mwenyewe kufariki, na Higginson akiwa mmoja wa wahariri wake wawili.

Watu huisimulia hadithi hii kama ushahidi wa wahariri wasioona mbali. Mimi naona wanamwonea. Higginson hakuwa mhariri wa Atlantic Monthly. Alikuwa mwandishi aliyechangia makala humo. Dickinson hakuomba nafasi jaridani. Aliomba rai ya msomaji aliyeiva, na alipata rai hiyo, iwe nzuri au mbaya. Barua yake ilifanya ilichokusudiwa kufanya. Binti wangu wa Lamu alitaka nafasi jaridani, ila aliandika kana kwamba anataka rai. Mhariri anayepokea mamia ya tungo hawezi kutoa rai kwa kila mmoja, na akisoma "naomba unikosoe" anaelewa kwamba mwandishi mwenyewe anaamini kazi bado haijakamilika. Sasa kwa nini aiharakishie mtamboni? Mwenye kutaka kukosolewa amtafute mwalimu, au kikundi cha washairi, au rafiki mwenye ulimi mkali. Afanye hivyo kabla dirisha halijafunguliwa.

Baada ya mazungumzo marefu, barua ya yule binti iliishia hivi:

"Mhariri wa Mashairi,

Naambatisha mashairi manne, 'Kisima cha Mkunguni', 'Nauli', 'Kwa Shangazi' na 'Mvua ya Vuli', ili uyafikirie kwa toleo lenu lijalo. Yote yamo katika faili moja ya kurasa tano.

Hayajachapishwa katika kitabu wala jarida. 'Nauli' niliwahi kuliweka kwenye ukurasa wangu wa Facebook, na sasa nimeliondoa. 'Mvua ya Vuli' nimelipeleka pia kwa jarida jingine. Likikubaliwa huko nitakuarifu siku hiyohiyo.

Katika 'Kisima cha Mkunguni' nimetumia maneno ya Kiamu na maneno yaliyofupishwa, kwa makusudi, kwa ajili ya vina na mizani. Sherehe yake iko mwisho wa faili.

Nilizaliwa Lamu na ninafanya kazi katika duka la dawa mjini Malindi. Sijawahi kuchapisha mashairi.

Asante kwa kuyasoma."

Chini yake jina kamili na nambari ya simu. Basi.

Tuanze na kitenzi. "Naomba" kwa Kiswahili si neno la kujidhalilisha; tunaomba maji, tunaomba njia, tunaomba radhi tunapompita mtu. Kulitumia mara moja hakuna ubaya wowote. Rasimu ya kwanza ililitumia mara mbili na kuliongezea "ombi" mara moja, ukiacha lile la kwenye kichwa, na hapo ndipo adabu ilipogeuka kilio. Kwa upande wa pili wapo wanaoandika "tafadhali yachapishe", wakidhani "tafadhali" hulainisha kila amri. Haiwezi. "Ili uyafikirie" ndiyo kauli ninayoipenda, kwa kuwa dhamira ile tegemezi inamwachia mhariri uamuzi wake bila mwandishi kuinama. Na kuhusu "naambatisha" au "nimeambatisha", zote ni sawa, ingawa nimepokea barua nyingi mno zilizosema "nimeambatisha" na hazikuambatisha chochote.

Mtajo nao huwasumbua watu. "Bwana Mhariri" lilitutosha kwa miongo mingi, hadi wahariri wengi walipokuwa mabibi. "Mpendwa Mhariri" ni tafsiri ya kauli ya Kiingereza, na kwa sikio langu humfanya mhariri kuwa mchumba. Kama mwongozo umetaja jina la anayeshughulikia mashairi, litumie: Bi fulani, Bw fulani, Dkt fulani. Kama haukutaja, cheo chake kinatosha. Kumtafutia sifa kama mtukufu au mheshimiwa ni kumpeleka bungeni bila kura.

Sasa angalia sentensi mbili zinazofanana: "Ingawa sijawahi kuchapisha popote" na "Sijawahi kuchapisha mashairi". Habari ni ileile. Lakini "ingawa" ni kiunganishi cha kukiri upungufu. Humtayarisha msikilizaji kwa utetezi utakaofuata. Ukiiandika, lazima ujitetee, na utetezi wenyewe ndio uliozaa hamu ya kukuza lugha tukufu na sifa za marafiki. Ukiondoa "ingawa", sentensi inasimama kama nyingine yoyote, sawa na ile ya duka la dawa. Wahariri wengi hufurahi kuwa wa kwanza kumchapisha mtu, na yapo majarida yanayowatafuta watu hao hasa. Kuficha hakusaidii, na kujaza pengo kwa kutaja cheti cha mashindano ya shuleni cha miaka kumi iliyopita ni kuonyesha pengo lilipo. Ukipenda unaweza kuiacha sentensi hiyo kabisa. Hakuna atakayekuuliza.

Aya ya pili ya barua, ile ya Facebook na ya jarida jingine, ndiyo inayowatia watu woga, na ndiyo yenye uzito wa kisheria. Jarida likichapisha shairi kwa kawaida hutaka haki ya kuwa la kwanza kulichapisha, kisha haki humrudia mshairi. Sasa je, shairi lililokaa Facebook kwa wiki mbili limechapishwa? Majarida hayakubaliani. Mengine husema chochote kilichoonwa na umma kimeshachapishwa; mengine huhesabu vitabu, majarida na magazeti tu. Mshairi hawezi kuwaamulia. Anachoweza ni kusema ukweli kwa sentensi moja na kumwacha mhariri apime kwa kanuni zake. Ukweli ukija kugunduliwa baada ya jarida kutoka, mhariri hatalisahau jina lako, na si kwa wema. Kumbuka pia kwamba shairi lililosomwa katika ukurasa wa mashairi wa gazeti, hata kama hukulipwa hata ndururu, limechapishwa.

Kupeleka shairi moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja si udanganyifu, maadamu mwongozo wa yote mawili unaruhusu na umesema. Majibu yanaweza kuchukua miezi mitatu, sita, au zaidi, na si haki kumtaka mtu azuie shairi lake mwaka mzima kwa ajili ya mlango mmoja. Tatizo huja pale mlango mmoja unapofunguka na mshairi, kwa furaha, akasahau kuuarifu ule wa pili.

Nimeiacha kwa makusudi aya ya tatu, ile ya Kiamu, kwa sababu ndiyo pekee inayozungumzia mashairi yenyewe, na kwa mshairi wa Kiswahili ndiyo muhimu kuliko zote. Nilisema msindikizaji hamsemei mgeni. Kwa nini basi hapa aseme? Kwa sababu hapa hasemi shairi lina maana gani. Anasema lisiguswe wapi.

Katika ubeti mmoja wa lile shairi la kisima, kina cha mwisho ni -to. Mstari mmoja unaishia kwa neno "mtoto", mwingine "uzito", na mwingine "mato". Mtu wa Lamu au wa Mombasa hahitaji kuelezwa kwamba mato ni macho. Lakini msomaji wa prufu aliyekulia kwenye Kiswahili sanifu, tena akiwa na haraka, ataliona neno hilo kama kosa la kuchapa na kulisahihisha kuwa "macho". Akihesabu silabi hatagundua alichoharibu, kwa maana mato ni mizani mbili na macho ni mizani mbili. Kilichovunjika ni kina: -to, -to, -cho. Malenga yeyote atakayelisoma atasema mtunzi hajui kutunga.

Maneno yaliyofupishwa huharibika kinyume chake. Chukua kipande kama "mekuja hodi kupiga". Kina mizani nane: me-ku-ja-ho-di-ku-pi-ga. Mtunzi amedondosha "ni" ya mwanzo kwa kanuni ya inkisari, ambayo inajulikana na kila mwanafunzi wa ushairi. Msahihishaji mwema akiirudisha, kipande kinakuwa "nimekuja hodi kupiga", mizani tisa, na mstari mzima unapinda. Kina kimebaki salama, mizani imekufa. Makosa haya mawili huwa hayafanywi na wajinga. Hufanywa na watu wanaojua Kiswahili sanifu vizuri sana na wanaodhani wanamsaidia mwandishi. Sentensi moja katika barua huwazuia.

Linganisha sentensi hiyo na ile ya rasimu ya kwanza, iliyosema kwamba kisima kilichokauka maana yake ni viongozi walioiacha jamii na kiu ya haki. Ile ilimfungia msomaji mlango. Nililisoma shairi lenyewe kabla ya barua na kudhani linamhusu bibi aliyekuwa akiteka maji pale na sasa hayupo. Huenda mimi ndiye niliyepotoka, lakini nilipotoka kwa raha.

Kuna mambo machache ya faili ambayo barua haiwezi kuyaponya. Mistari ya tarbia ni mirefu, ukwapi mizani nane na utao nane, na ukiibandika kwenye baruapepe simu itaikatakata ovyo. Ndiyo maana hupelekwa katika faili, na mkato kati ya vipande hufanywa kwa alama ya mkato, wala si kwa nafasi za kubonyezabonyeza ambazo hupotea faili inapofunguliwa kwenye mashine nyingine. Kila shairi lianze ukurasa mpya. Faili ipewe jina linaloeleweka, kwa mfano `Mashairi_manne.docx`, kwa kuwa mhariri ana faili hamsini zinazoitwa "Mashairi yangu". Na kama jarida husoma kazi bila kujua watunzi, jina lako likae kwenye barua tu. Hapo mazoea yetu ya zamani hurudi kututega: mtu huondoa jina juu ya kila ukurasa, halafu ubeti wa tamati unamtaja yeye, babake na mtaa wao.

Binti alisubiri miezi minne na ushee. Katikati ya muda huo lile jarida jingine lililikubali "Mvua ya Vuli", na jioni hiyohiyo alimwandikia mhariri wa kwanza sentensi mbili: kwamba analiondoa shairi hilo, na kwamba matatu yaliyobaki bado yako mikononi mwake. Hakueleza limekubaliwa na nani wala hakuomba msamaha. Mhariri alijibu kwa neno moja, "Hongera".

Hatimaye walilichukua "Kisima cha Mkunguni" na kuyarudisha mawili. Prufu ilipofika aliisoma kwa kidole, silabi kwa silabi. "Mato" lilikuwa pale pale, pamoja na "mekuja". Walichobadilisha ni kichwa cha shairi, walichokiandika "Kisima cha Mkunguuni", kwa u mbili.

Aliwaandikia tena, sentensi moja.